Kusoma mikromita yenye venia hadi 0.002 mm

Mikromita ya nje ya kipimo cha metriki hupima kwa skurubu. Uzi wa skurubu hiyo umekatwa kwa hatua ya nusu milimita, kwa hiyo kila ngoma inapozunguka mara moja, spindeli husogea 0.5 mm kuelekea kwenye fuawe au kuondoka kwake. Ukingo wa ngoma umegawanywa katika nafasi 50 sawasawa, na nafasi moja ni 0.5 mm kugawanywa kwa 50, yaani 0.01 mm. Ndani ya ngoma kuna slivu, bomba ambalo halizunguki. Juu yake umechorwa mstari mrefu wa kulala, ambao hapa utaitwa mstari mkuu. Milimita kamili zimechorwa upande mmoja wa mstari huo na nusu milimita upande wa pili.

Mikromita ya kawaida huishia hapo. Mstari mkuu ukiangukia katikati ya mistari miwili ya ngoma, mpimaji hukadiria kwa jicho sehemu ya nafasi iliyobaki. Mwenye jicho zuri hukadiria vizuri, lakini watu wawili wakisoma kipimo kilekile mara nyingi hutofautiana kwa mikroni mbili au tatu, na mikroni moja ni 0.001 mm. Venia iliyochorwa kwenye slivu huondoa ukadiriaji huo. Badala ya kuuliza mstari mkuu umefika sehemu gani ya nafasi, mpimaji hutafuta mistari miwili iliyonyooka pamoja, na hilo jicho la binadamu hulifanya vizuri zaidi kuliko kugawa nafasi ndogo kwa kukisia.

Venia ya 0.002 mm ina nafasi 5 zinazotengwa na mistari 6 inayolala sambamba na mstari mkuu, ikipanda kutoka kwenye mstari huo kuzunguka mwili wa slivu. Mistari hiyo huandikwa 0, 2, 4, 6, 8 na 0. Nafasi hizo tano kwa pamoja zina upana sawa na nafasi tisa za ngoma. Tisa ikigawanywa kwa tano hutoa 1.8, kwa hiyo nafasi moja ya venia ni pungufu kidogo ya nafasi mbili za ngoma. Nafasi mbili za ngoma ni 0.020 mm na nafasi moja ya venia ni 0.018 mm. Tofauti yake, 0.002 mm, ndiyo chanzo cha usomaji wote.

Ikiwa mstari mkuu umelingana kabisa na mstari mmoja wa ngoma, mstari wa venia wa 2 utakuwa nyuma ya mstari wa pili wa ngoma kwa 0.002 mm, ule wa 4 utakuwa nyuma ya mstari wa nne kwa 0.004 mm, na kuendelea hivyo hadi 0 ya juu, ambayo imebaki nyuma kwa 0.010 mm. Hiyo ni nafasi nzima ya ngoma, na kwa hiyo 0 ya juu nayo huangukia juu ya mstari, ule wa tisa. Sasa spindeli ikifunguliwa kwa 0.002 mm tu, ngoma huteremka kiasi hichohicho, na mstari wa venia wa 2 hukutana na mstari wake. Ikifunguliwa 0.002 mm nyingine, 2 huachana na mstari wake na 4 hukutana na wa kwake. Mstari wa venia unaolingana ndio unaotaja mikroni ngapi zimepita baada ya mstari wa mwisho wa ngoma.

Kabla ya kusoma mikromita asiyoizoea, mpimaji ahesabu kwanza nafasi za venia yake. Zipo mikromita zenye venia ya nafasi 10, nazo pia hutandazwa juu ya nafasi tisa za ngoma. Hizo husomwa hadi 0.001 mm, na kwa mbali zinafanana na hizi kabisa. Anayehesabu mistari ya venia ya nafasi 10 kwa mbilimbili hupata tarakimu ya tatu mara mbili ya ile ya kweli. Kutazama maandishi kwenye fremu husaidia, kwa kuwa watengenezaji wengi huandika 0.002 mm au 0.001 mm pale, lakini kuhesabu nafasi hakudanganyi hata maandishi yakiwa yamefutika.

Usomaji wenyewe huanzia kwenye slivu. Tuseme mikromita ni ya 25 hadi 50 mm, na mstari wa mwisho wa milimita unaoonekana wazi nje ya ukingo wa ngoma ni wa 37. Baada yake, upande wa pili wa mstari mkuu, unaonekana mstari mmoja wa nusu milimita. Hadi hapo kipimo ni 37.5 mm. Kwenye ngoma, mstari mkuu uko juu ya 28 lakini haujafika 29. Huchukuliwa 28, yaani mstari uliokwisha kupitwa, hata kama 29 inaonekana kuwa karibu zaidi, kwa sababu kilichobaki kitatajwa na venia. Hiyo huongeza 0.28 mm na kufanya 37.78 mm. Kisha venia: mstari wa 6 ndio uliolingana na mstari wa ngoma. Huongezwa 0.006 mm, na kipimo kamili ni 37.786 mm.

Kosa la wanafunzi wengi katika hatua hii ya mwisho ni kusoma namba ya mstari wa ngoma uliolingana na venia na kuiingiza kwenye jumla. Katika mfano huu mstari huo ni wa 34, na 34 haina nafasi yoyote kwenye kipimo. Namba inayosomwa ni ile ya venia peke yake. Hata hivyo 34 ina kazi nyingine, tena kazi nzuri. Kwenye mikromita ambayo 0 ya kwanza ya venia imekaa kwenye mstari mkuu, namba ya mstari wa ngoma unaolingana daima ni jumla ya namba iliyosomwa kwenye mstari mkuu na namba ya venia: 28 na 6 ni 34. Sababu yake ni kwamba kila nafasi ya venia hukutana na mstari wa ngoma ulio nafasi mbili mbele, na namba za venia nazo huenda kwa mbilimbili. Jumla ikifika 50 au kuipita, huondolewa 50. Mstari mkuu ukiwa juu ya 46 na venia ikisoma 8, jumla ni 54, na mstari wa ngoma unaolingana lazima uwe wa 4.

Uhakiki huo huchukua muda mfupi sana na hukamata makosa mawili kwa pamoja. Mpimaji aliyesoma 29 badala ya 28 atapata 35, lakini macho yake yataona 34, na hapo atajua kuna tatizo. Aliyesoma mstari wa venia wa 4 kwa kudhani ndio uliolingana atatarajia kuukuta mbele ya 32, kisha akitazama kwa makini ataona kwamba mistari hiyo miwili imepishana. Venia ambayo haikuanzia kwenye mstari mkuu, bali imewekwa mbali kidogo kuzunguka slivu, nayo ina tofauti yake isiyobadilika. Inatosha kuitafuta mara moja mikromita ikiwa imefungwa kwenye sifuri, kisha kuikumbuka.

Ugumu wa kweli uko kwenye kuamua mstari upi umelingana. Mikromita yenye ngoma ya kipenyo cha karibu 18 mm ina mzingo wa takriban 56 mm, kwa hiyo nafasi moja ya ngoma ina upana wa milimita moja na kidogo. Hatua ya 0.002 mm ni moja ya tano ya nafasi hiyo, yaani kama 0.22 mm kwenye ukingo, na unene wa mstari mmoja uliochorwa unakaribia kiasi hicho. Mstari wa venia ulio sahihi na ule wa jirani hutofautiana kwa upishano unaolingana na unene wa mstari wenyewe. Upishano huo unaonekana, lakini haumsubiri mtu anayetazama kwa haraka, na kwenye mwanga hafifu hupotea.

Njia ya kuaminika ni kutazama majirani wa mstari unaodhaniwa kuwa sahihi. Kama mstari wa 6 umelingana kabisa, mstari wa 4 ulio chini yake utakuwa umepanda kidogo juu ya mstari wa ngoma ulio karibu nao, na mstari wa 8 ulio juu utakuwa umeshuka kidogo chini ya wa kwake. Viasi viwili vya kupishana vitakuwa sawa, na pande zake kinyume. Palipo na ulinganifu huo hapana shaka. Upishano wa 4 ukiwa mkubwa na wa 8 ukiwa mdogo sana, basi ukweli unaelekea kwenye 8. Na ikitokea kwamba 6 na 8 zimepishana sawa, moja juu kidogo na nyingine chini kidogo, na hakuna hata mmoja ulionyooka na mstari wa ngoma, kipimo kiko katikati, kwenye 0.007. Mikromita hii haikuchorwa kwa ajili ya kutaja 0.007. Mpimaji huandika 0.006 au 0.008 na kuelewa kwamba kuna mikroni moja ambayo chombo hakikuikamata. Kwenye kazi ambayo kiwango cha chini ndicho cha hatari, huandikwa ile ndogo, na palipo na hatari kwenye kiwango cha juu huandikwa ile kubwa.

Pembe ya jicho huharibu usomaji huu kuliko inavyoharibu usomaji wa mikromita ya kawaida. Ukingo wa ngoma umeinuka kidogo juu ya slivu, hivyo mistari yake na mistari ya venia haiko kwenye uso mmoja. Jicho likiwa upande, mistari iliyolingana huonekana imepishana, na iliyopishana huonekana imelingana. Tena venia haikulala kwenye uso bapa. Nafasi tisa za ngoma ni nyuzi 65 hivi za duara, kwa hiyo jicho lililo mbele ya mstari mkuu huutazama mstari wa 8 kwa mlalo mkubwa. Mpimaji anayeishika mikromita katika mkao mmoja na kupitisha macho kutoka 0 hadi 8 atasoma sawa mistari ya chini na kukosea ile ya juu. Inabidi kuigeuza mikromita nzima polepole mkononi ili kila mstari wa venia, kwa zamu yake, uje mbele ya jicho moja kwa moja. Mwanga nao utoke upande wa mpimaji, usiwe wa kumulika nyuma ya kitu, kwa kuwa slivu yenye rangi ya kromi ya kung'aa hufuta mistari myembamba inapopigwa na taa moja kali.

Mtego mwingine uko karibu na sifuri ya ngoma, ambapo mistari ya slivu huanza kujitokeza. Shafti nyingi hutengenezwa kwa vipenyo vya milimita kamili, na hivyo vipimo vingi huangukia palepale kwenye mtego. Kwenye 30.008 mm, mstari wa 30 umejitokeza kwa shida nje ya ukingo, ngoma iko kati ya 0 na 1, na venia inasoma 8. Kwenye 29.998 mm mstari huohuo wa 30 huweza kuonekana tayari, ingawa kipimo bado hakijaufikia, kwa sababu ukingo wa ngoma una unene na mstari wa slivu nao una unene. Atakayeuhesabu atasoma 30 na 0.498, yaani 30.498 mm, na kukosea kwa nusu milimita nzima.

Ngoma yenyewe ndiyo inayoamua. Ikiwa mstari mkuu uko kati ya 0 na namba ndogo kama 3 au 4, mstari wa slivu ulio ukingoni umekwisha kupitwa na huhesabiwa hata kama unaonekana nusu. Ikiwa uko kwenye 46 hadi 49, mstari ulio ukingoni bado haujapitwa na hauhesabiwi hata kama unaonekana wote. Rula ya kawaida ikiwekwa kando ya shafti nayo humaliza shaka, kwa kuwa kosa la nusu milimita ni kubwa kiasi cha kuonekana kwa rula.

Tarakimu ya tatu huwa haina maana mpaka sifuri ithibitishwe. Mikromita ya 0 hadi 25 mm hufungwa fuawe na spindeli zikigusana. Ya 25 hadi 50 mm hufungwa juu ya fimbo ya kipimo ya 25 mm inayokuja nayo kwenye kasha. Nyuso za kupimia hufutwa kwanza kwa kitambaa safi kisichoacha nyuzi. Ukungu wa mafuta ambao hauhisiwi kwa kidole una unene wa mikroni kadhaa, na hiyo ni zaidi ya hatua nzima ya venia. Kisha racheti huzungushwa polepole mpaka ilie mara mbili au tatu. Racheti ipo ili kila kipimo kichukuliwe kwa nguvu ileile. Anayekaza kwa kuishika ngoma yenyewe huinamisha fremu kidogo na kupata usomaji mdogo kuliko ukweli, na siku nyingine, akiwa na haraka, hupata tofauti nyingine.

Mikromita ikiwa sawa, 0 ya ngoma hukaa kwenye mstari mkuu, na 0 zote mbili za venia, ya chini na ya juu, hulingana na mistari kwa wakati mmoja, ya juu ikiwa mbele ya 9 ya ngoma. Sifuri mbili zinazolingana pamoja ni ushahidi wenye nguvu kuliko moja. Kama 0 ya chini imelingana na ya juu imepishana, ama jicho liko upande au venia imechakaa. Ikiwa mstari wa 4 ndio uliolingana na ngoma imepita 0 kidogo, kosa la sifuri ni +0.004 mm, nalo hutolewa kwenye kila kipimo kitakachofuata. Ikiwa mstari mkuu uko kati ya 49 na 0, na venia inasoma 6, chombo kinaonyesha 24.996 mm kwenye fimbo ya 25 mm. Kosa ni −0.004 mm, na kila kipimo huongezwa 0.004. Upande huu hasi huwachanganya wengi, kwa kuwa venia inasoma 6 ilhali kosa ni 4.

Kosa dogo la namna hiyo hurekebishwa kwa spana ndogo ya kulabu inayoingia kwenye tundu la slivu. Slivu huzungushwa kidogo, na mstari mkuu huenda pamoja na venia yake, kwa kuwa vyote vimechorwa kwenye bomba moja. Kuigeuza kwa mikroni mbili hasa ni kazi ya subira, na mara nyingi ni busara zaidi kuliacha kosa la 0.002 na kulitoa kwenye hesabu kuliko kulifukuza kwa spana na kuishia na 0.004 upande wa pili.

Kiti cha beringi kwenye shafti ni kazi inayohitaji chombo hiki kweli. Beringi namba 6206 ina tundu la 30 mm, na shafti yake ikiagizwa kwa kipimo 30 k6, kipenyo kinatakiwa kiwe kati ya 30.002 na 30.015 mm. Upana wa ruhusa ni mikroni 13. Mikromita inayosoma 0.01 mm haiwezi hata kuutaja mpaka wa chini. Tundu la beringi ya daraja la kawaida huwa kati ya 29.990 na 30.000 mm, kwa hiyo shafti iliyo chini ya 30.002 inaweza kupoteza mkazo karibu wote, na pete ya ndani ikaanza kuteleza juu ya shafti kazini. Iliyo juu ya 30.015 huipanua pete ya ndani na kumaliza uwazi mdogo ulioachwa kati ya mipira na njia zake, na beringi hupata joto.

Tuseme mkerezaji amemaliza shafti hiyo na anataka kuipima. Mikromita ya 25 hadi 50 mm imefungwa kwenye fimbo ya 25 mm na kusoma 25.000. Sifuri ni nzuri, lakini sifuri haisemi lolote kuhusu uzi wa skurubu ulio milimita tano mbele yake. Uzi uliochakaa huchakaa zaidi pale unapotumika sana. Kwa hiyo hupimwa pia bloku ya kipimo ya 30 mm, ambayo kosa lake ni chini ya mikroni moja, na venia inasoma 2: mikromita inaonyesha 30.002. Kuanzia hapo mpimaji anajua kwamba kwenye kipimo hiki, na karibu nacho, chombo huzidisha kwa 0.002 mm.

Shafti hupimwa sehemu tatu: karibu na bega, katikati na karibu na ncha. Kila sehemu hupimwa mara mbili, ya pili shafti ikiwa imegeuzwa robo duara. Karibu na bega vipimo vyote viwili vinasoma 30.012. Katikati ni 30.012 na 30.010. Kwenye ncha ni 30.008 na 30.006. Ikitolewa 0.002 kwenye kila kimoja, kipenyo cha kweli kinaanzia 30.010 kwenye bega na kuishia 30.004 kwenye ncha. Shafti yote imo ndani ya ruhusa. Vilevile inaonekana kwamba ni nyembamba kuelekea ncha kwa mikroni sita hivi, jambo ambalo mikromita ya 0.01 mm isingelionyesha, na mkerezaji ana sababu ya kukagua mpangilio wa mashine yake kabla ya shafti inayofuata. Tofauti ya 0.002 kati ya vipimo viwili vya mahali pamoja isichukuliwe haraka kuwa ni uduara mbaya. Hiyo ni hatua moja tu ya venia, na hutokea hata kwenye silinda nzuri. Tofauti ikifika 0.004 au 0.006 na kurudi ileile kila shafti inapogeuzwa mkao uleule, hapo ni umbo la shafti.

Bila bloku ya 30 mm hesabu ingepotoka palipo na hatari. Shafti iliyosoma 30.002 ingekubaliwa, ilhali kipenyo chake ni 30.000, na shafti nzuri yenye 30.014 ingesoma 30.016 na kukataliwa.

Joto ndilo linaloharibu zaidi vipimo vya aina hii, nalo halionekani kwenye mstari wowote. Chuma hurefuka takriban mikroni 11.5 kwa kila mita na kila digrii moja ya selsiasi. Shafti ya 30 mm iliyotoka tu kwenye mashine ikiwa na joto la digrii 20 zaidi ya mikromita imevimba kwa 0.007 mm. Ikisoma 30.008 inaonekana iko katikati ya ruhusa, lakini ikipoa itakuwa 30.001, nje ya mpaka wa chini, na kilichokatwa hakirudi. Shafti iachwe ipoe juu ya meza ya chuma pamoja na mikromita na bloku mpaka vyote viwe na joto moja. Vipimo vya urefu hutolewa kwa joto la digrii 20, lakini karakana ya Dar es Salaam au Mombasa yenye digrii 32 haiwi tatizo kwa shafti ya chuma, kwa sababu shafti, bloku na mikromita vimepanuka pamoja kwa kiwango kilekile. Kwa aluminiamu haiko hivyo. Aluminiamu hupanuka karibu mara mbili ya chuma, na kipande cha 30 mm kwenye digrii 32 huonekana kikubwa kwa mikroni 4 hivi kuliko kitakavyokuwa kwenye digrii 20, hata kama kila kitu kimekaa pamoja usiku kucha.

Mkono wa mpimaji nao ni chanzo cha joto. Fremu ikishikwa kwa kiganja kitupu kwa dakika chache hupanuka, nafasi kati ya fuawe na spindeli huongezeka, na usomaji hushuka. Ndiyo sababu fremu nyingi zina vipande vya plastiki pande zote mbili. Vishikwe hivyo, na vipimo vikiwa vingi, mikromita iwekwe kwenye kishikio cha mezani. Kifungio cha spindeli nacho kitumiwe kwa uangalifu: kukifunga huweza kuisogeza spindeli kidogo, hivyo venia isomwe kwanza mikromita ikiwa bado juu ya shafti, na kifungio kibaki kwa pale ambapo haiwezekani kusoma bila kuitoa.

Kipimo kimoja hurudiwa mara tatu kwa kufungua na kufunga upya. Vikirudi 30.012, 30.012 na 30.010, kazi inaendelea. Vikiruka 30.012, 30.006 na 30.014, hakuna wastani wa kuchukua. Kuna uchafu, au spindeli inacheza, au mikromita haikukaa wima kwenye kipenyo. Mikromita ikilala kidogo kufuata urefu wa shafti husoma zaidi ya kipenyo, kwa hiyo huyumbishwa taratibu mpaka usomaji ufikie pale unapokuwa mdogo kuliko kote. Ikipotoka upande wa kuzunguka shafti, husoma chini ya kipenyo, na hapo hutafutwa pale panapokuwa pakubwa.

Hatua ya 0.002 mm kwenye venia si kosa la 0.002 mm kwenye kipimo. Kiwango cha Ujerumani cha DIN 863 kinairuhusu mikromita ya nje hadi 50 mm iwe na kosa la mikroni 4, hatua mbili nzima za venia, na bado ikahesabiwa kuwa nzuri. Kulinganisha na bloku iliyo karibu na kipimo kinachotafutwa hupunguza kosa hilo sana, kwa kuwa kosa la uzi na la sifuri hutolewa kwa pamoja, na hapo ruhusa ya mikroni 13 hupimika vizuri. Daraja la IT4 kwa kipenyo cha 30 mm lina ruhusa ya mikroni 6 tu, sawa na hatua tatu za venia, na shafti ya namna hiyo hupimwa kwa komparata iliyowekwa sifuri juu ya bloku.